Washindi watatu, kizingiti au nyongeza ya kila katoni: shindano lipi la mauzo linakufaa?

Msambazaji wa bidhaa za dukani anapoona mauzo yamelala, jambo la kwanza linalomjia ni kutangaza shindano la mwezi mmoja. Zawadi inatajwa kwenye kikao cha asubuhi, wauzaji wanapiga makofi, na mwisho wa mwezi namba kweli zinapanda. Wiki mbili baadaye maduka hayaagizi, katoni zinaanza kurudi stoo, na madeni ya mali kauli yamerefuka. Shindano lenyewe halina kosa. Kosa ni kwamba lilipimwa kwa namna iliyomruhusu muuzaji kuvuna zawadi bila kuongeza mteja wala mauzo halisi.

Hapa tunalinganisha njia tatu zinazotumika sana: zawadi kwa washindi watatu wa kwanza, bonasi kwa kila aliyevuka kizingiti chake, na nyongeza kwa kila katoni inayozidi mauzo ya kawaida. Mbili nyingine, shindano la timu na droo, tutazigusa kwa kifupi tu kwa sababu huwa ni viungo zaidi kuliko chakula.

Ili ulinganisho uwe wa haki, njia zote zinapimwa kwa mfano mmoja wa kubuni. Msambazaji wa sabuni ya unga ana stoo Ngamiani, Tanga, na wauzaji wanane, kila mmoja na njia yake ya kuzungukia maduka. Kwa mwezi wa kawaida wanauza katoni 4,000: Ngamiani pamoja na Soko la Mgandini 900, Makorora 600, Chumbageni 550, Duga na Mabawa 500, Pongwe hadi Muheza 500, Amboni hadi Maramba 400, Mkinga hadi Horohoro 300, na Pangani 250. Katoni inauzwa shilingi 24,000, na faida ghafi ya msambazaji ni shilingi 1,800.

Vipimo vinne kabla ya kuchagua

Cha kwanza ni nani atakayesukumwa. Muuzaji bora tayari anakimbia, na yule aliyekata tamaa hasikii tangazo lolote. Ongezeko kubwa huwa limejificha kwa wale wa katikati, kwa hiyo njia isiyowagusa wao inalipa watu kwa kazi ambayo wangeifanya hata hivyo.

Cha pili ni hila gani inafunguliwa. Kila njia ina hila yake, na ukiijua mapema unaweza kuizuia kwa sharti moja au mawili. Usipoijua utaishia kuandika sheria ishirini ambazo hakuna atakayezisoma.

Cha tatu ni kama gharama inajulikana kabla ya kuanza na inalipwa na faida ya ziada. Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Katika mfano wetu, mauzo yakipanda kwa asilimia 15 zinaongezeka katoni 600, yaani faida ya ziada ya shilingi 1,080,000. Ukiamua nusu yake iende kwa wauzaji, mfuko mzima wa zawadi ni shilingi 540,000. Sasa fikiria bosi aliyekwisha kutangaza pikipiki ya shilingi milioni 2.7. Ili pikipiki hiyo irudishe tu gharama yake, bila yeye kubaki na senti, zinahitajika katoni 1,500 za ziada, ambazo ni zaidi ya theluthi ya mauzo yote ya mwezi. Zawadi kubwa namna hiyo ikishatajwa mbele ya watu haiwezi kupunguzwa, ndiyo maana hesabu hii hufanywa kwanza na tangazo huja baadaye.

Cha nne ni kazi ya ukaguzi. Msambazaji mwenye karani mmoja na daftari hawezi kuendesha shindano linalohitaji kuhesabu mzigo uliobaki katika maduka mia mbili.

Njia ya kwanza: washindi watatu

Katika njia hii wauzaji wote wanapangwa kwa nafasi, na watatu wa juu wanagawana mfuko: tuseme shilingi 270,000, 170,000 na 100,000. Wengine watano hawapati kitu.

Uzuri wake mkubwa ni gharama. Hata iweje, utatoa shilingi 540,000, si zaidi. Ni rahisi pia kuielezea, na ina msisimko ambao njia nyingine hazina. Watu wanaulizana namba kila jioni. Lakini gharama kujulikana si sawa na gharama kurudi. Mauzo yasipopanda kabisa bado watatu watakuwa wa juu, na bado utawalipa. Dawa yake ni sharti la jumla: zawadi zitoke tu kama kampuni nzima imevuka katoni 4,300. Kwa nini 4,300? Kwa sababu katoni 300 za ziada mara shilingi 1,800 ni shilingi 540,000 kamili. Chini ya hapo unalipa kutoka mfukoni.

Swali gumu ni upangaji wa nafasi. Ukipanga kwa idadi ya katoni, mwenye njia ya Ngamiani ameshinda kabla ya filimbi, na mwenye Pangani anajua hilo siku ya kwanza. Ukipanga kwa asilimia ya ukuaji, ubovu unahamia upande wa pili: Pangani inahitaji katoni 75 kufika asilimia 30, na duka moja la jumla likiamua kuweka akiba linaweza kuzichukua zote kwa safari moja, wakati Ngamiani inahitaji katoni 270 kwa asilimia hiyo hiyo. Asilimia kwenye msingi mdogo, yaani mauzo madogo ya kawaida ya mwezi, hupanda na kushuka kwa bahati tu. Kinachofanya kazi ni kugawa ligi mbili, njia zenye msingi wa katoni 500 na kuendelea upande mmoja na ndogo upande mwingine, kisha kushindanisha asilimia ndani ya kila ligi. Katika mfano wetu ligi moja inakuwa na watano na nyingine watatu. Hiyo ni ndogo mno kwa zawadi tatu, basi mpe mshindi mmoja kwa ligi ndogo na wawili kwa ligi kubwa.

Kuhusu nani anasukumwa, njia hii hulenga wachache. Wiki mbili za kwanza wote wanakimbia. Ya tatu ikifika, aliye nafasi ya sita anaangalia ubao, anapiga hesabu, anaachia. Anayeongoza kwa mbali naye anapunguza mwendo. Wanaobaki wanakimbia kwa kweli ni wale wawili watatu walio kwenye mpaka wa zawadi.

Hila yake ni ya mtu kumdhuru mwenzake au kuingia njia yake. Mwenye Ngamiani anampigia mwenye duka wa Pangani, ambaye huja mjini kila wiki, na kumwambia achukue mzigo pale pale sokoni. Kampuni haikuuza hata katoni moja zaidi. Imehamisha tu jina la muuzaji. Utaigundua kwa kuangalia maduka ya Pangani yaliyonyamaza mwezi huo huku wateja wa jumla wa Ngamiani wakinunua kuliko kawaida yao. Sharti la kuzuia ni jepesi: katoni zinahesabiwa kwa njia ambayo duka lipo, bila kujali nani ameandika ankara.

Hila ya pili ni ya siku ya mwisho. Wawili wanaokabana wataanza kujazia mzigo kwa marafiki: “Shikamoo mzee wangu, nichukulie hizi ishirini tu, zikidoda nitakuja kuziondoa.” Ukiacha kuonyesha nafasi katika wiki ya mwisho unapunguza mchezo huu, kwa kuwa hakuna anayejua anahitaji katoni ngapi kumpita mwenzake. Msisimko utapungua kidogo, na kwa maoni yetu ni bei nzuri kulipa.

Njia hii inamfaa mwenye wauzaji wenye njia zinazolingana, bajeti isiyoweza kuvuka kiwango fulani, na timu ambayo haitegemeani kazini. Dereva na muuzaji wanaopakia kirikuu kimoja, au wauzaji wanaoachiana wateja mmoja anapougua, wasishindanishwe hivi.

Njia ya pili: kizingiti kwa kila mmoja

Hapa hakuna anayeshindana na mwenzake. Kila muuzaji anapewa msingi wake na lengo lake, kwa mfano msingi pamoja na asilimia 15, na kila anayefika anapata bonasi. Tukigawa mfuko wetu kwa wanane, ni shilingi 67,500 kwa kila mtu. Wote wakifika, umelipa shilingi 540,000 na umepata faida ya 1,080,000. Watatu tu wakifika, unalipa 202,500. Kwa hiyo gharama ya juu inajulikana, na ile ya chini inapungua yenyewe mauzo yakiwa duni.

Kwa upande wa nani anasukumwa, hii ndiyo njia inayowafikia watu wa katikati vizuri zaidi. Mwenye Mkinga hana sababu ya kumwangalia mwenye Ngamiani. Anajua anatakiwa kutoka katoni 300 hadi 345, karibu mbili zaidi kwa kila siku ya kazi, na anaweza kupanga ni maduka gani ya Horohoro atayapitia mara mbili kwa wiki badala ya moja.

Ugonjwa wa njia hii ni ule mstari wenyewe. Chukua muuzaji wa Duga na Mabawa: msingi 500, lengo 575. Tarehe 27 akiwa na 560, katoni 15 zinazobaki zina thamani ya shilingi 67,500 kwake, yaani 4,500 kwa katoni, zaidi ya mara mbili ya faida ambayo kampuni inapata. Yuko tayari kutoa punguzo kutoka mfukoni, kuazima oda za mwezi ujao, hata kununua yeye mwenyewe na kuzificha nyumbani. Mwenzake aliye na 480 siku hiyo hiyo ameshajua hafiki. Naye anafanya kinyume: anazishika oda za siku tatu za mwisho aanze nazo mwezi mpya. Wote wawili wanafanya uamuzi wenye akili kwa sheria ulizoandika wewe.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 1998 mchumi Paul Oyer alichapisha utafiti wa viwanda vya Marekani ulioonyesha mauzo yakipanda mwishoni mwa mwaka wa fedha wa kampuni na kushuka unaofuata ukianza, mtindo unaoendana na wauzaji na mameneja wanaolipwa kwa malengo ya mwaka. Mwaka 2014 Ian Larkin alichunguza kampuni ya programu za kompyuta na kukuta wauzaji wakipanga tarehe za kufunga mikataba ili wanufaike na ngazi za kamisheni, wakitoa punguzo la bei ili kufanikisha hilo. Gharama ilifikia asilimia 6 hadi 8 ya mapato. Hao walikuwa wanauza mikataba mikubwa. Kwenye katoni za sabuni mchezo ni ule ule, tofauti ni kwamba unaonekana stoo.

Dawa ya kwanza ni kuvunja mstari mmoja mkubwa kuwa ngazi tatu ndogo. Kwa muuzaji wa msingi wa katoni 500, weka shilingi 25,000 akifika 540, jumla ya 55,000 akifika 575, na jumla ya 90,000 akifika 625. Sasa aliye na 480 tarehe 27 bado ana ngazi ya kufikiria, na aliye na 560 anapigania shilingi 30,000 badala ya 67,500. Gharama kwa katoni ya ziada inabaki kati ya shilingi 625 na 735 hivi kwa anayesimama kwenye ngazi, chini ya nusu ya faida. Zingatia tu kwamba kiasi hicho hicho hakifai njia zote. Asilimia 8 ya kwanza ni katoni 72 Ngamiani lakini ni 20 tu Pangani, kwa hiyo bonasi ya Ngamiani iwe kubwa zaidi, la sivyo mwenye njia kubwa ataona anafanya kazi ya watatu kwa malipo ya mmoja.

Dawa ya pili inahusu msingi. Muuzaji akivuka lengo, na mwezi unaofuata ukapandisha msingi wake, umemfundisha asivuke tena kwa mbali. Wazoefu hili wanalijua. Wanafika asilimia 16 na kupumzika. Tamka wazi kabla ya kuanza kwamba msingi hautaguswa kwa mashindano mawili yanayofuata, na ulitimize hilo hata likikuuma.

Na msingi wenyewe utoke wapi? Wastani wa miezi mitatu iliyopita unatosha kwa bidhaa isiyo na msimu. Kwa sabuni na mafuta ya kula Tanga, msimu upo. Ramadhani hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, kwa hiyo kulinganisha Machi na Machi ya mwaka jana kunaweza kuwa kulinganisha mfungo na mwezi wa kawaida. Muheza nayo hupata pesa wakati wa machungwa. Lengo la asilimia 15 kwa njia ya Muheza katika msimu huo ni zawadi ya bure. Lengo hilo hilo machungwa yakiisha ni adhabu. Njia nyepesi ni kutofanya shindano katika mwezi ambao soko litafanya kazi badala ya muuzaji.

Kizingiti kinamfaa mwenye njia zisizolingana, rekodi safi za angalau nusu mwaka, na hamu ya kuinua kundi la kati. Hakimfai ambaye namba zake za nyuma ni za kukisia, maana msingi mbovu unaharibu kila kinachojengwa juu yake.

Njia ya tatu: nyongeza kwa kila katoni ya ziada

Hapa hakuna mstari wa mwisho. Kila katoni juu ya msingi ina malipo yake, tuseme shilingi 900, nusu ya faida ghafi. Mwenye Duga akiuza 530, anapata 27,000. Akiuza 531, anapata 27,900. Hakuna siku ambayo katoni moja ina thamani ya mshahara wa wiki, kwa hiyo purukushani ya tarehe 30 inapungua sana. Gharama haijulikani kwa jumla lakini haiwezi kuizidi faida, mradi kinachohesabiwa ni mauzo ya kweli.

Na hapo ndipo penye mtego. Msingi unahesabu kwenda juu tu. Hakuna anayekatwa kwa kushuka chini yake. Tazama muuzaji ambaye kwa miezi mitatu angeuza 500, 500 na 500. Akijua kuwa shindano ni mwezi wa katikati, anazuia oda 60 mwezi wa kwanza na kuazima 60 kutoka mwezi wa tatu. Sasa namba zake ni 440, 620 na 440. Jumla ni ile ile 1,500. Kampuni haikuuza katoni hata moja ya ziada, ila imemlipa 120 mara 900, shilingi 108,000. Mwenzake aliyefanya kazi kweli na kupata 500, 560 na 500 ameondoka na 54,000. Mwerevu amepata mara mbili ya mchapakazi, na wote wanane watakuwa wamelijua hilo kabla ya shindano la pili.

Kinga yake ina sehemu mbili. Ya kwanza ni ukimya: tangaza Jumamosi, anza Jumatatu. Bila taarifa ya mapema hakuna wa kuzuia oda. (Mwambie na mtunza stoo afunge mdomo, akianza kuagiza katoni elfu moja za ziada wiki mbili kabla, siri imeshatoka.) Ya pili ni mwezi wa kutulia. Lipa nusu ya nyongeza mwisho wa shindano, nusu nyingine siku 30 baadaye, baada ya kutoa upungufu wowote chini ya msingi. Mwerevu wetu, akiwa hakupata nafasi ya kuzuia oda za mwanzo, angekuwa na 500, 560 na 440: ameongeza 60, akapungukiwa 60, nyongeza halali ni sifuri. Ameshapokea nusu, shilingi 27,000, na hapati nyingine. Bado amekupiga kidogo, lakini si kwa kiasi cha kumfanya mtu arudie taabu hiyo. Kama unataka kuziba kabisa, lipa yote baada ya siku 30, ila ujue kwamba zawadi inayochelewa inasukuma kwa unyonge.

Usifikirie kulipa yote kwanza na kukata mshahara baadaye. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka mipaka kwenye makato ya mshahara, na hata bila sheria hiyo, mtu akishapeleka pesa nyumbani, kumdai ni ugomvi. Kumbuka pia kwamba zawadi kwa mwajiriwa, ya pesa au ya kitu, ni sehemu ya mapato yake ya ajira na inaingia kwenye hesabu ya kodi ya mshahara. Itamke kama kiasi kabla ya kodi, usije ukamwahidi 54,000 akapokea pungufu na kudhani umemdhulumu.

Hila nyingine ya njia hii ni kugawana nyongeza na mwenye duka. Muuzaji mwenye shilingi 900 mkononi anaweza kumpunguzia mteja 500 kwa katoni na kubaki na 400. Kwa mwezi mmoja katoni ya 24,000 inaonekana Mgandini kwa 23,500. Shindano likiisha, mwenye duka anasubiri bei ile irudi, na jirani yake aliyenunua kwa bei kamili anakupigia kulalamika. Ishara ni malalamiko ya bei kutoka maduka yanayopakana, kwa sababu ankara zako zitaonyesha 24,000 kama kawaida. Shilingi 900 ni nyingi mno kwa bidhaa inayogombewa kwa shilingi mia mbili mia tatu. Kwa bidhaa hizo anza na 400 au 500, na nguvu ya zawadi uiweke kwenye aina ambayo maduka hayajaizoea, pakiti mpya kwa mfano, ambako kazi ya muuzaji ni kueleza na si kukata bei.

Njia hii inamfaa mwenye mfumo wa ankara unaoaminika na subira ya kungoja mwezi wa pili. Inafaa pia pale ambapo wauzaji ni wachache, watatu au wanne, maana kushindanisha watu watatu kwa nafasi tatu ni kichekesho.

Timu na droo

Shindano la timu, ambapo wote wanane wanapata kitu kampuni ikivuka 4,600, linaondoa fitina na kuhamishiana wateja. Udhaifu wake ni abiria: wawili wanalala, sita wanawabeba. Linafaa kwa vikundi vya watu watatu au wanne wanaoonana kila siku, si kwa mtu wa Maramba na mtu wa Pangani wanaokutana siku ya mshahara.

Droo hutumika kutuza vitendo: tiketi moja kwa kila duka jipya lililofunguliwa, kwa mfano. Ni rahisi kwa gharama na humpa hata wa mwisho tumaini. Lakini kinachohesabiwa hapa ni vichwa, na vichwa ni rahisi kutengeneza. Duka moja la Makorora linaandikishwa kwa jina la mume, la mke na la mtoto. Mfano mkubwa kuliko wote uko wazi kwa umma: benki ya Wells Fargo ya Marekani ilisukuma wafanyakazi wake kwa malengo makali ya akaunti mpya na kampeni ya mauzo ya kila Januari, na Septemba 2016 ilikubali kulipa faini na adhabu za jumla ya dola milioni 185 baada ya kubainika kwamba akaunti nyingi zilifunguliwa bila ridhaa ya wateja. Takribani wafanyakazi 5,300 walikuwa wamefukuzwa. Ukituza duka jipya, lihesabu baada ya oda ya pili iliyolipwa, si ya kwanza. Oda ya pili ni ngumu kuigushi. Na droo yako ikiwahusisha wateja badala ya wafanyakazi, ongea kwanza na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha.

Masharti ya kuambatanisha na njia yoyote

Matatu yanatosha. Katoni inahesabiwa ikishalipwa, na malipo yawe yameingia kabla ya tarehe 10 ya mwezi unaofuata. Hili peke yake linaua mali kauli ya kirafiki. Katoni iliyorudi ndani ya siku 21 inatolewa kwenye hesabu ya aliyeiuza. Na duka moja lisihesabiwe zaidi ya mara moja na nusu ya ununuzi wake wa kawaida. Kilichozidi ni biashara halali, ila hakiingii kwenye shindano.

Ukaguzi nao usiwe mzigo. Katika mwezi wa siku 26 za kazi, siku tano za mwisho kwa kawaida hubeba karibu asilimia 19 ya mauzo. Muuzaji ambaye siku hizo zimebeba asilimia 40, mtembelee. Nenda kwenye maduka yake kumi baada ya wiki mbili, hesabu katoni zilizobaki, ulinganishe na alizonunua. Ukikuta zaidi ya nusu zipo na vumbi juu yake, jibu umelipata bila kumuuliza mtu. Kisha pima wote kwa kipimo kile kile, yule unayempenda akiwemo.

Kwa hali yako

Kama njia zako zinalingana na huwezi kutumia zaidi ya kiasi fulani, chukua washindi watatu, kwa ligi mbili na sharti la jumla, kwa wiki tatu au nne. Zaidi ya hapo walio nyuma watakuwa wamekwisha kukaa chini.

Kama una Ngamiani na Pangani kwenye orodha moja na unataka kundi la kati liamke, weka kizingiti cha ngazi tatu. Usikifunge tarehe 30, ambapo madeni na mishahara vyote vinakutana. Kifunge tarehe 18 au 20, siku ambayo haina sababu nyingine ya kuvuta oda.

Kama unaingiza bidhaa mpya na ankara zako ni safi, nyongeza ya kila katoni itakupa picha halisi zaidi ya nani anaweza kuuza nini, mradi mwezi wa kutulia uwepo. Usiwe na haraka ya kuhesabu ushindi kabla mwezi huo haujaisha.

Kama madeni ya mali kauli tayari yamekulemea, usianze na yoyote kati ya hizo tatu. Fanya shindano la makusanyo kwanza: kizingiti kwa kila muuzaji cha deni lililopita siku 14, kikilipwa kwa pesa iliyoingia benki au kwenye simu ya kampuni. Hila yake ni moja, muuzaji kumkopesha mwenye duka alipe leo ili achukue mzigo zaidi kesho, na utaiona kwa kuangalia kama duka lililolipa tarehe 18 limechukua mzigo mkubwa kuliko kawaida tarehe 19.

Na kama hujawahi kuwa na rekodi ya miezi sita ya nani ameuza nini na wapi, tumia shilingi 540,000 zile kumlipa karani wa kuitengeneza. Shindano litangoja.